Staki ya mchele imemwangukia loda godauni: ripoti iandikweje?

Karani_wa_Stoo
Salaam aleikum wadau. Naomba msaada kabla karatasi hazijaondoka mezani.

Jumanne asubuhi, kwenye godauni moja hapa Shimanzi, Mombasa, staki ya mchele imeporomoka ikamwangukia loda. Magunia ni ya plastiki, ya kilo 50. Kila paleti ina matabaka 6, magunia 5 kwa tabaka, na paleti zilipandishwa 4. Foklifti ilikuwa imeshatoa staki ya mbele, paleti zake zikashushwa chini moja moja, na loda alikuwa anabeba magunia kutoka paleti iliyo sakafuni kuyapeleka kwenye lori. Staki ya nyuma ndiyo iliyomjia. Amevunjika mguu chini ya goti na mbavu zinamuuma. Ni kibarua wa siku, jina lake liko kwenye daftari la vibarua basi.

Supavaiza ameandika mistari miwili: "Loda alivuta gunia vibaya kwa kukosa umakini. Ameshauriwa awe mwangalifu." Ananitaka nitie sahihi kama shahidi. Mimi sikumwona akivuta kitu. Nilichokijua ni kwamba staki ile ilikuwa imeinama tangu wiki iliyopita. Niandike nini, na iende wapi?

Dereva_Foklifti
Pole kwa huyo ndugu. Usijisumbue sana, jambo liko wazi. Sheria inasema mwisho mita 3. Paleti 4 ni zaidi ya hapo, kwa hiyo kampuni imekosa. Ila kwa kibarua fomu haijazwi mpaka akae nje ya kazi siku 3. Subirini kwanza.

Timazi
Karani, usitie sahihi kwenye jambo ambalo hukuliona. Andika taarifa yako mwenyewe, kwa maneno yako: ulichokiona, ulisimama wapi, saa ngapi. Hiyo iambatane na ripoti ya supavaiza, wala haina haja ya kupigana nayo.

Dereva, mita 3 ni kanuni ambayo magodauni mengi yamejiwekea, na si mbaya, lakini sheria yenyewe haitaji mita. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mzigo upangwe kwa namna itakayoufanya uwe thabiti usianguke. Kwa hiyo ripoti ikisema tu "ilizidi mita 3" itajibiwa kwamba godauni la jirani wanapanga mita 5 na haijaanguka. Kinachotakiwa kuonyeshwa ni kwa nini staki hii, kwa urefu huu, juu ya sakafu hii, haikuweza kusimama.

Na hizo siku 3 zinahusu malipo ya muda ambao mtu hawezi kufanya kazi. Taarifa haizingojei. Mtu akijeruhiwa, mwajiri ana siku 7 kupeleka taarifa ya maandishi kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo. Mtu akifariki, afisa anaarifiwa ndani ya saa 24, kisha maandishi ndani ya siku hizo 7. Fomu ni DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza anajaza mwajiri, ya pili daktari. Jeraha linaingia pia kwenye rejista ya mahali pa kazi. Kibarua wa siku ni mfanyakazi kama mwingine. Na mwajiri hawezi kukaa na taarifa kwa sababu yeye haamini kwamba ajali ilitokana na kazi: loda akisema ameumia kazini, inaripotiwa, mengine yatachunguzwa.

Sasa kabla hamjafagia: mmeshasafisha?

Karani_wa_Stoo
Nusu. Magunia yaliyofunika njia yameondolewa. Staki ya pembeni, iliyopangwa siku moja na ile, bado imesimama. Paleti ya chini ya iliyoanguka bado iko pale pale.

Timazi
Afadhali. Zungusha kamba umbali wa kutosha, mtu asikaribie hiyo iliyosimama. Piga picha kutoka pembe nne, na moja ya mbali inayoonyesha mlango na njia. Halafu nipatie vitu vitatu.

Kwanza, paleti ya chini imelalia upande gani na kwa kiasi gani. Weka ubao ulionyooka juu ya sakafu kukata upande mfupi wa paleti, weka pimamaji juu yake, inua upande ulioshuka mpaka povu likae katikati, pima pengo kwa rula. Pili, ning'iniza timazi kando ya staki iliyosimama, kwa mbali, mtu akiwa juu ya ngazi na si juu ya magunia, upime pembe ya juu imetoka kiasi gani kulinganisha na ya chini. Tatu, angalia magunia yaliyoanguka yamelala wapi. Yakiwa yamerundikana miguuni pa staki, chini ndiko kulikolegea. Yakiwa yametupwa mbali, karibu sawa na urefu wa staki, basi ilipinduka kama mti.

Mama_Majani
Karani, pole sana. Kwa bima usisahau kuhesabu magunia yaliyopasuka na kupima uzito wa mchele uliomwagika, na upige picha lebo za shehena. Sisi kwenye majani ya chai mawakala walikataa kulipa mifuko 60 kwa sababu hatukuwa na picha. Na mwenye mali aarifiwe siku hiyo hiyo, la sivyo hasara ni yenu.

Karani_wa_Stoo
Shukran Mama, lakini nauliza habari ya mtu, mchele utajulikana baadaye.

Timazi
Hata hivyo ushauri wake una kitu ndani yake. Gunia lililopasuka linasema mengi. Mshono uliofunguka kwa kishindo cha kuanguka unaachia mchele pale pale lilipotua. Gunia lililotobolewa na ncha ya uma wa foklifti wiki iliyopita litakuwa na tundu la mviringo au mkato mfupi, na mchele wake utakuwa umeshatoka polepole pale chini, chembe zimechanganyika na vumbi. Mkipata hilo kwenye paleti ya chini, liwekeni kando na picha yake, msilirudishe kushonwa.

Kuli_Mstaafu
Wanangu, nawasikia mnapima sakafu na pembe, ni sawa. Lakini mbona hakuna aliyeuliza magunia yalifungwaje? Staki haishikwi na urefu, inashikwa na pembe zake. Tabaka la kwanza unalaza 3 kwa urefu na 2 kwa kukata. La pili unageuza, ili kila gunia likalie mshono wa mawili ya chini, kama fundi anavyopanga matofali. Midomo yote inaangalia ndani, hata mshono ukikatika gunia limebanwa halimwagi nje. Gunia la plastiki linateleza kuliko la katani, hilo ndilo vijana hawalijui: la katani linang'ang'aniana, la plastiki lenye vumbi la mchele ni kama limepakwa mafuta. Ukilipanga mistari yote inafuatana, kila safu inasimama peke yake.

Na jambo la pili. Ukitoa staki ya mbele, ya nyuma imebaki uchi. Kama ilikuwa imeegemea mwenzake, sasa inaegemea hewa. Zamani hatukuweka mtu wa kubeba mbele ya ukuta wa namna hiyo mpaka mtu aangalie pembe.

Karani_wa_Stoo
Mzee umesema, na vipimo vimerudi.

Sakafu: upande mfupi wa paleti, mita 1, umeshuka sentimita 2 kuelekea njia. Kuna ufa wa kiungo cha zege pale, na kipande kimekatika kwa magurudumu ya foklifti. Staki iliyosimama: pembe ya juu imetoka sentimita 17 kuelekea njia hiyo hiyo. Magunia mengi yalikuwa mbali, la mwisho karibu mita 4 kutoka mguuni. Na kwenye paleti ya chini, tabaka la pili, upande ulioshuka, kuna gunia limelegea kabisa. Chini yake kuna kichuguu cha mchele, kidogo kama kikombe cha kahawa, na chembe za juu zimegeuka kijivu kwa vumbi. Matabaka ya paleti hiyo hayakugeuzwa, yote yamelala upande mmoja.

Timazi
Hapo ripoti yako imeshajiandika. Tuifuate hatua kwa hatua.

Matabaka 6 ya gunia la kilo 50 yanakupa kama mita 1, ongeza sentimita 15 za mbao, paleti moja na mzigo wake ni mita 1.15. Nne ni mita 4.6. Upana mdogo wa chini ni mita 1. Yaani staki ni ndefu mara 4.6 ya upana wake. Wengi wanaopanga paleti bila rafu huweka mara 4 kuwa mwisho kabisa, na hapo ni kwa mzigo mgumu wenye kona, si gunia. Kama zingekuwa 3, ungepata mita 3.45.

Sakafu imeshuka sentimita 2 kwa mita 1. Kwa urefu wa mita 4.6 hiyo peke yake inasukuma kichwa cha staki sentimita 9 nje. Lakini wewe umepima 17 kwenye ile ya jirani, yenye sakafu ile ile. Hizo 8 za ziada hazikutoka kwenye zege. Zimetoka kwenye mzigo. Paleti ya chini inabeba 3 juu yake, kila moja tani 1.5, ni tani 4.5 kando ya uzito wa mbao. Staki ikishainama, sehemu kubwa ya uzito huo inahamia upande ulioshuka. Magunia ya upande huo yanabanwa zaidi, yanazidi kuwa membamba, staki inazidi kuinama, uzito unazidi kuhama. Ni jambo linalojilisha lenyewe, ndiyo maana uliiona wiki nzima ikiinama na hakuna aliyeigusa. Kwenye iliyoanguka, ongeza gunia linalovuja pale pale panapobeba zaidi. Kila kikombe cha mchele kinachotoka ni nafasi inayopungua chini ya tani 4.5.

Kilichoizuia isianguke ni staki ya mbele. Foklifti ilipoiondoa, kizuizi kikaondoka. Loda akawekwa katika nafasi ile ile iliyoachwa wazi. Na kwa kuwa magunia yametua mpaka mita 4, ilipinduka nzima, kuanzia chini. Gunia moja kuvutwa usawa wa kifua huwa linamwaga magunia machache ya juu yake, miguuni pa mvutaji. Hapo ndipo maneno ya supavaiza yanapata shida.

Dereva_Foklifti
Nakubali habari ya mita 3, nilikuwa nimeambiwa hivyo na nikaamini. Lakini usiharakishe kwenye kuinama. Nani anajua kama dereva hakuigonga akitoa ile ya mbele? Paleti zikibanana, ncha za uma zikipita upande wa pili zinaingia kwenye paleti ya nyuma. Ukirudi nyuma unaivuta kidogo. Dereva hahisi hata kidogo, uzito ni mkubwa. Urefu wa uma kuzidi kina cha paleti, hapo ndipo matundu ya magunia yanapotoka.

Timazi
Swali zuri, na liingie kwenye ripoti kama swali. Karani, pima urefu wa uma na kina cha paleti. Tazama ubao wa mbele wa paleti ya nyuma: kama umevunjika, rangi ya mpasuko ni ipi? Mbao iliyovunjika Jumanne ni nyeupe na nyuzi zake zimesimama. Iliyovunjika zamani imeshafifia na imejaa vumbi. Ila angalia, kuanguka kwenyewe kunaweza kuvunja mbao, kwa hiyo mpasuko mpya hauthibitishi kugongwa.

Karani_wa_Stoo
Uma unazidi paleti sentimita 15. Ubao wa mbele una mpasuko mpya na mwingine wa zamani pembeni yake. Dereva wetu anasema hakugonga.

Timazi
Andika hivyo hivyo, vyote vitatu. Usichague.

Binti_Jomvu
Samahani wadau, nina swali linalokaribiana. Vibarua wetu wanaletwa na mtu wa kati, yeye ndiye anayewalipa. Ikitokea kama hii, anayejaza fomu ni mwenye godauni au mtu wa kati? Kwetu kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Dereva_Foklifti
Anayelipa ndiye mwajiri. Mtu wa kati.

Timazi
Kwa fidia, anayelipa ndiye wa kwanza kuangaliwa, ni kweli. Lakini ajali imetokea ndani ya mahali pa kazi panaposimamiwa na mwenye godauni, sakafu ni yake, urefu wa staki ni amri yake. Mwenye godauni akikaa kimya kwa kuwa kuna mtu wa kati, anajitia hatarini. Ushauri wangu ni kwamba wote wawili wapeleke, kila mmoja aseme uhusiano wake na majeruhi. Afisa akipokea mbili hakuna aliyeumia. Asipopokea hata moja, loda anabaki na mguu wake. Na majeruhi mwenyewe, au ndugu yake, anaweza kutoa taarifa kwa mwajiri kwa mdomo au maandishi na nakala kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Dai la fidia lina miezi 12 tangu siku ya ajali.

Binti_Jomvu
Na mtu wa kati akisema yule si mfanyakazi wake, ni wa kuokota getini?

Timazi
Hapo ndipo daftari la vibarua linakuwa dhahabu. Jina, tarehe, namba ya kitambulisho, na pesa ya siku. Mabishano ya nani mwajiri yanaweza kufika mbali, siwezi kukuambia yataishaje.

Karani_wa_Stoo
Kumebaki mafunzo. Supavaiza anasema vibarua wote wameelekezwa. Kuna karatasi yenye sahihi ya mwezi wa kwanza, mada "usalama kazini". Jina la huyu loda halimo kwa sababu hakuwapo mwezi huo.

Kuli_Mstaafu
Mwanangu, "usalama kazini" si mafunzo, ni kichwa cha habari. Loda anafundishwa kwa mkono. Anapewa magunia 10 apange matabaka mawili, ageuze, afunge pembe, wewe unatazama. Kisha anaonyeshwa kushusha: unaanzia juu, unashuka kwa ngazi, tabaka kwa tabaka, huchimbi uso wa staki ukaacha mapango. Anaonyeshwa staki iliyoinama inavyoonekana ukisimama kichwani mwa njia na kulinganisha pembe yake na nguzo ya jengo. Na anaambiwa wazi kwamba akiiona aondoke, amwite msimamizi, na hakuna atakayemfukuza kwa hilo. Robo saa inatosha, lakini iwe robo saa ya kila mgeni, si ya kila mwezi wa kwanza.

Timazi
Hilo la kuondoka halikuachwa kwa hiari ya msimamizi. Sheria ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi hatari kubwa anayoiona, na mwenye mahali hawezi kumlazimisha arudi hapo kabla haijarekebishwa. Swali ni kama huyu loda aliwahi kuambiwa.

Kwenye ripoti usiandike "hakufundishwa", utabishiwa. Andika: "Karatasi ya mafunzo ya mwezi wa kwanza haina jina lake. Haitaji upangaji wala ushushaji wa magunia. Hakuna kumbukumbu nyingine iliyopatikana." Hapo wewe hujamshtaki mtu, umesema karatasi ina nini.

Sehemu ya maelezo ingeweza kusomeka hivi, rekebisha kulingana na ulichothibitisha:

"Majeruhi alikuwa akibeba magunia kutoka paleti iliyokuwa sakafuni, mahali ilipoondolewa staki ya mbele. Staki ya nyuma, paleti 4, urefu wa takriban mita 4.6 juu ya upana wa mita 1, ilipinduka kuelekea njia. Sakafu chini yake imeshuka sentimita 2 kwa mita 1 kwenye kiungo cha zege kilichokatika. Staki jirani iliyobaki imeinama sentimita 17 upande huo huo. Gunia moja la paleti ya chini lilikuwa limevuja kabla ya ajali. Matabaka ya paleti ya chini hayakufungwa pembe. Uma wa foklifti unazidi paleti sentimita 15. Dereva anasema hakugonga. Ubao wa mbele una mpasuko mpya na wa zamani. Msimamizi anasema majeruhi alivuta gunia. Mashahidi wengine hawakuona hilo."

Chini yake: saa alipofunikwa na saa alipotolewa. Daktari anaihitaji hiyo, kwa sababu mguu uliobanwa muda mrefu unaweza kuleta madhara kwenye figo baada ya kuachiwa, hata mtu akionekana mzima. Alifunikwa muda gani?

Karani_wa_Stoo
Kama dakika 20. Walikuwa wakivuta magunia kutoka chini, mzee mmoja akawapigia kelele waanze juu.

Kuli_Mstaafu
Huyo mzee aliokoa wawili. Ukivuta chini, yaliyobaki juu yanamshukia aliyelala na wewe pamoja naye.

Timazi
Wapigieni wauguzi leo, wasisubiri kesho, muwaambie dakika 20 na kwamba ni mguu na mbavu. Pengine hakuna aliyewaambia.

Karani_wa_Stoo
Nimepiga. Muuguzi amesema kwenye karatasi yao imeandikwa "ameanguka". Ameandika upya na wanamchukua vipimo vya damu na mkojo.

Taarifa yangu nimeitia sahihi, kurasa 2 na picha 14. Supavaiza hakuipenda, lakini meneja ameichukua na anasema fomu itaenda kwa afisa kesho. Kuhusu staki iliyosimama, meneja anataka ishushwe usiku huu lori lipakie asubuhi. Foklifti inaweza kuingia kutoka upande wa ukuta?

Dereva_Foklifti
Upande inakoinamia usiingie kabisa, hata kwa dakika moja. Kutoka upande wa pili, paleti ya juu kwanza, uma mfupi kama mnao, na mtu wa miguu asiwe ndani ya mita 6. Lakini kama ukuta uko karibu kiasi kwamba foklifti haiwezi kugeuka, sijui mtaishushaje salama usiku.

Timazi
Mashine ikikosa nafasi, isiguswe usiku. Na afisa hajaiona bado. Mwambie meneja lori lipakie kutoka safu nyingine. Ukuta uko mbali kiasi gani?

Karani_wa_Stoo
Mita 2 na nusu. Foklifti yetu haitoshi hapo. Naenda kumwambia.